Wiki Sita Kabla ya Mechi ya Kwanza

Ratiba ya maandalizi ya msimu huandikwa kuanzia mwisho. Kocha huchukua kalenda, akaizungushia duara Jumamosi ya mechi ya kwanza ya ligi, kisha akahesabu wiki sita kurudi nyuma. Kabla hajaandika zoezi hata moja, anatakiwa ajiulize: wiki moja kabla ya Jumamosi hiyo, ni wachezaji wangapi watakuwa wameshacheza dakika 90 kamili na bado ni wazima? Mbio, mbinu na mechi za kirafiki zinapangwa ili idadi hiyo iwe kubwa kadiri inavyowezekana.

Simba na Yanga hufikia lengo hilo kwa njia ambayo timu ndogo haiwezi kuifuata. Julai 2024 Yanga walikuwa Afrika Kusini, na huko wakaifunga Kaizer Chiefs mabao 4-0. Mchezaji aliye kambini ya namna hiyo hana kazi nyingine. Akitoka mazoezini asubuhi anakula, analala, anarudi uwanjani jioni, na daktari wa timu yuko mlango wa pili. Mchezaji wa madaraja ya chini anapewa posho, lakini kodi ya nyumba anailipa kwa bodaboda, kwa ualimu, kwa kuchomelea mageti au kwa kulinda ghala usiku. Anafika uwanjani jioni akiwa tayari ametumia sehemu ya nguvu za siku. Kocha anayeichukua ratiba ya klabu kubwa na kumbandikia mtu huyu anamjengea jeraha.

Tuchukue timu ya mfano, tusiyoipa jina, iliyo Tanga, mji wa Coastal Union na African Sports. Ina wachezaji 24. Baadhi ni makuli wa bandarini, wawili ni walimu, wengine madereva wa bodaboda, mmoja ni mlinzi wa zamu ya usiku. Wanakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Uwanja wao hauna taa, na mwezi wa Julai jua la Tanga linazama saa 12 na dakika 20 na kitu jioni. Wakianza saa 11:00, wana dakika 80 hivi za mwanga. Mara tatu kwa wiki, wiki sita, wanapata vipindi 18, na mechi za kirafiki zimo humo humo. Hakuna nafasi ya kutenga siku za pumzi, siku za mbinu na siku za mpira. Lazima zoezi moja libebe kazi mbili.

Jambo la kwanza ni kujua kila mmoja anarudi akitoka wapi. Wakati wa mapumziko, wachezaji wa kiwango hiki hawafanani. Wapo waliokaa wiki nane bila kugusa mpira. Wapo waliocheza ndondo kila wikiendi kwa sababu ndondo inalipa papo kwa papo; hao wana pumzi, lakini wana vifundo vya miguu vilivyoteguka na nyama za paja zilizofungwa bandeji za kienyeji. Na wapo waliomaliza msimu uliopita wakiwa majeruhi. Kuwapanga wote mstari mmoja siku ya kwanza na kuwaambia wakimbie hadi waishe ni kupoteza kipindi, kwa kuwa kitakachoonekana ni kile kile ambacho kingejulikana kwa kuwauliza. Kipimo kizuri cha pumzi kipo, kile cha Jens Bangsbo wa Denmaki kiitwacho Yo-Yo: mchezaji anakimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi akifuata mlio, anapumzika sekunde 10, na mlio unazidi kuharakisha. Koni chache, simu na spika vinatosha. Lakini mahali pake ni Jumanne ya wiki ya pili, miguu ikiwa imeshazoea, na kinarudiwa mwanzoni mwa wiki ya tano ili kuona nani amepanda na nani amebaki pale pale.

Wiki ya kwanza ndipo timu nyingi zinapojiumiza. Mazoea ni kuwapeleka wachezaji ufukweni wakimbie mchangani, au mlimani wapande na kushuka. Ninaelewa mvuto wake: ni bure, kunatoa jasho, na viongozi wakija kutazama wanaona watu wanateseka, wakaridhika. Lakini mchanga laini humfanya kisigino kizame kila hatua, na kano iliyo nyuma ya kifundo inavutwa kuliko ilivyozoea. Mtu aliyekaa wiki nane bila kukimbia hasikii chochote siku ile. Maumivu ya misuli huja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, yaani Alhamisi, kipindi kinachofuata kinapoanza. Hapo anakimbia akichechemea, anaulinda mguu mmoja kwa kuuonea mwingine, na wiki ya tatu kocha anashangaa kwa nini beki wake wa kulia yuko nje.

Njia bora ni kuianzia pumzi ndani ya mchezo wenyewe. Mholanzi Raymond Verheijen, aliyekuwa katika benchi la Guus Hiddink pamoja na Korea Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2002, aliupanga mtiririko wa wiki sita unaoifaa sana timu isiyo na muda. Wiki mbili za mwanzo ni michezo ya watu wengi, 11 kwa 11 au 8 kwa 8. Wiki mbili za katikati ni ya watu wa kadiri, 7 kwa 7 hadi 5 kwa 5. Wiki mbili za mwisho ni ya watu wachache, 4 kwa 4 au 3 kwa 3. Sababu yake inaonekana ukitazama mchezo wenyewe. Mkiwa wengi, mpira unakufikia mara chache, unatembea, unajipanga, unapumua. Mkiwa wanne kwa wanne, hakuna pa kujificha: kila sekunde chache unageuka, unafunga breki, unaondoka tena, na mapigo ya moyo hayapati nafasi ya kushuka. Mwili unapelekwa kutoka juhudi ndefu iliyo laini hadi juhudi fupi iliyo kali, na muda wote huo mpira uko miguuni.

Kwa timu yetu ya Tanga, Jumanne ya kwanza inakuwa hivi. Dakika 20 za kupasha mwili kwa kufuata FIFA 11+, mfululizo wa mazoezi 15 ambao ni bure na hauhitaji kifaa chochote. Kisha 8 kwa 8 kwenye theluthi mbili za uwanja, vipindi vinne vya dakika sita, na mapumziko ya dakika mbili kila baada ya kipindi. Uwanja haufunguliwi wote, kwa sababu nafasi kubwa inamwalika winga atoke mbio kamili, na siku hiyo misuli yake ya nyuma ya paja haiko tayari. Mwisho wanajinyoosha na kuondoka. Dakika 70 zimetosha. Wapo watakaonung'unika kwamba hawajachoka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ndani ya 11+ kuna zoezi moja ambalo nisingekubali liachwe kamwe. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma, naye anajiachia kuelekea mbele polepole, mgongo umenyooka, akijizuia kwa nguvu ya nyuma ya paja mpaka mikono iguse nyasi. Wanaoanza wanafanya mara tatu hadi tano, na kwa wiki wanapanda hadi kufikia 12 au zaidi. Wachezaji hawalipendi kwa sababu linauma kesho yake. Ndilo linaloufundisha msuli huo kuhimili kuvutwa wakati mguu unapotupwa mbele katika mbio kali, na hapo ndipo nyama za paja hukatika. Utafiti uliofanywa Norwe kwa wasichana wanaocheza mpira, ukatoka mwaka 2008, ulikuta timu zilizofuata mfululizo mzima wa 11+ zikiwa na majeraha pungufu kwa takriban theluthi moja. Faida hiyo inapatikana kwa wanaoufanya angalau mara mbili kwa wiki. Ukifanywa siku ambayo kocha mkuu yupo na kuachwa siku ambayo hayupo, hausaidii kitu.

Sasa, kocha atajuaje kama mzigo unatosha au umezidi, naye hana vile vifaa vya kuvaa kifuani ambavyo klabu kubwa wanavyo? Anauliza. Mmarekani Carl Foster alibuni njia rahisi inayotumika hadi kwenye klabu tajiri. Nusu saa baada ya mazoezi, kila mchezaji anasema kipindi kilikuwa kigumu kiasi gani, kuanzia 0 ambayo ni kupumzika hadi 10 ambayo ni mwisho wa uwezo wake. Namba hiyo inazidishwa kwa dakika alizofanya. Dakika 70 kwa ugumu wa 4 ni alama 280. Anaulizwa pembeni, peke yake, maana akiulizwa mbele ya wenzake atasema 3 ili aonekane chuma.

Mfuate kiungo wetu mmoja, kuli wa bandarini. Wiki ya kwanza Jumanne anapata 280, Alhamisi dakika 70 kwa ugumu wa 5 ni 350, Jumamosi dakika 75 kwa 5 ni 375. Jumla ni 1,005. Kocha anapanga wiki ya pili ifike karibu 1,200, na ya tatu karibu 1,440, yaani kila wiki inazidi iliyotangulia kwa kama sehemu moja ya tano. Wiki ya nne anaushusha mzigo hadi 1,250 hivi ili mwili upate kujijenga, kisha ya tano inapanda hadi 1,500 na kuwa nzito kuliko zote. Wiki ya sita inashuka sana, kwa kuwa mwisho wake ni mechi ya ligi. Namba hizi si sheria. Zinamsaidia kocha kuona mruko mkubwa usiotarajiwa, kwa mfano mtu aliyetoka 1,000 hadi 1,800 kwa wiki moja kwa sababu iliongezwa mechi ya dharura.

Thamani ya njia hii inaonekana namba inapokataa kulingana na mazoezi. Alhamisi ya wiki ya tatu wenzake wote wanasema 6, yeye anasema 9. Kocha anamvuta kando.

"Vipi mdogo wangu, leo tumekuumiza?"

"Hapana kocha. Meli imeingia juzi. Nimebeba saruji siku mbili, jana nimetoka saa 5 usiku."

Karatasi ya mazoezi haikuiona saruji ile, lakini miguu iliihesabu. Jibu sahihi ni kumpunguzia: Jumamosi acheze nusu saa badala ya saa nzima, na Jumanne inayofuata afanye nusu ya michezo. Akilazimishwa kumaliza ratiba kama ilivyoandikwa, atachoka, na mchezaji aliyechoka huchelewa kwenye mpira, na anayechelewa ndiye anayeingia vibaya na kuumia au kumuumiza mwenzake. Timu ya watu wenye kazi nyingine inahitaji kocha anayejua zamu za bandarini na tarehe za mitihani ya shule kama anavyojua ratiba ya ligi.

Mechi za kirafiki ndizo nguzo za mpango mzima. Katika wiki sita hizi ziko tano, na kila moja imepewa dakika zake kabla haijapewa mpinzani. Jumamosi ya wiki ya pili, vikosi viwili vinacheza dakika 45 kila kimoja. Wiki ya tatu, wanaotarajiwa kuanza wanacheza 60 na wengine 30. Wiki ya nne wanafika 75. Wiki ya tano ina mechi mbili: Jumatano wanacheza wale ambao dakika zao ni chache, na Jumamosi kikosi cha kwanza kinamaliza 90. Wachezaji wa akiba wakikosa ile ya Jumatano, wataingia msimu wakiwa na dakika 90 miguuni huku wenzao wana 270, na wa kwanza kuitwa dakika ya 60 ya mechi ya ligi ni mmoja wao.

Mpinzani huchaguliwa kwa kazi. Ya kwanza ni timu ya vijana au ya wilayani ambayo itawaachia mpira. Wiki ya pili miguu bado mizito, na mkikutana na timu kubwa mtashinda mkikimbia nyuma ya mpira kwa saa moja na nusu, mbio zile zile za kushtukizwa ambazo mmekuwa mkiziahirisha. Hapa ndipo kocha hugongana na viongozi wake. Timu ya Ligi Kuu inapita mjini, mwenyekiti anaona viingilio, anataka mechi wiki hiyo hiyo. Fedha hiyo inahitajika kweli, na kocha anayekataa tu hatasikilizwa. Anachoweza kufanya ni kuomba mechi hiyo isogezwe hadi wiki ya nne, na ikishindikana, acheze kwa vikosi viwili na kukubaliana na wageni pamoja na mwamuzi kabla ya mpira kuanza kwamba wachezaji watabadilishwa bila kikomo cha kawaida. Sheria za mchezo zinaruhusu hilo katika mechi ya kirafiki, mradi timu zote mbili zikubaliane na mwamuzi ajulishwe. Safari nazo zinahesabiwa. Kwenda Muheza na kurudi ni jioni moja. Kwenda Moshi ni siku nzima ndani ya basi, na mgongo uliokaa saa nyingi kitini hauchezi vizuri.

Kuhusu mbinu, muda unalazimisha uchache. Vipindi 18 havitoshi kufundisha mifumo mitatu, na timu inayojaribu inaishia kutoujua hata mmoja. Ningechagua mambo matatu tu. Wiki mbili za mwanzo ni umbo la timu bila mpira: mstari wa mabeki na mstari wa viungo waende pamoja, pasibaki pengo kati yao. Hili linaingia lenyewe kwenye 11 kwa 11 ya wakati huo, kwa hiyo pumzi na mbinu vinafundishwa kwa pigo moja. Wiki mbili za katikati ni sekunde tano za kwanza baada ya kupoteza mpira: nani anamwendea aliye na mpira, nani anafunga pasi ya mbele, nani anarudi. Michezo ya 6 kwa 6 inazalisha hali hiyo mara nyingi kwa dakika, na inachosha kweli kweli. Wiki mbili za mwisho ni kona na faulo, za kushambulia na za kulinda. Hizo hufanywa taratibu bila kuchosha, ndiyo maana zinafaa wakati mzigo unashushwa.

Kipya kinafundishwa mwanzo wa kipindi, kichwa kikiwa bado kimetulia. Kocha akisimamisha mchezo aseme kwa nusu dakika na aachie. Nimeona makocha wazuri wakihutubia dakika saba katikati ya uwanja huku jua linazama, wachezaji wamepoa, na kati ya dakika zao 80 wamebaki na 60. Mazungumzo marefu yawekwe kwenye kikundi cha simu usiku, na mchoro mmoja.

Kila mechi ya kirafiki ibebe swali moja la mbinu, na benchi lihukumu kwa swali hilo. Mechi ya kwanza: je, mistari miwili ilisogea pamoja? Msaidizi akae juu ya jukwaa au hata juu ya gari aandike kila mara pengo lilipofunguka. Mkifungwa 3-1 na pengo likafunguka mara mbili tu, kazi imeendelea. Mkishinda 4-0 dhidi ya vijana huku mabeki wamebaki nyuma kila shambulizi, hakuna kilichojifunzwa, na mashabiki wanaoshangilia watamfanya kocha asilione.

Mbio za kasi kamili zinaanza wiki ya tatu. Mara nne hadi sita, mita 20 hadi 30, na mapumziko ya kutosha kati ya moja na nyingine hadi pumzi irudi. Zinafanywa mapema, mara tu mwili umepashwa, kamwe si mwisho wa kipindi. Kuziacha kabisa kwa hofu ya majeraha nako ni kosa, kwa sababu mchezaji atakayekimbia kasi kamili kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya ligi ndiye atakayeshika paja dakika ya 20.

Hatari ya wiki mbili za mwisho ni nyingine. Michezo ya 4 kwa 4 kwenye mita 40 kwa 30 ina migeuko mingi, na kwenye uwanja mgumu wa kiangazi mzigo unaangukia kinena. Dalili hazipigi kelele. Mchezaji anaacha kupiga krosi ndefu, au anapiga kona kwa mguu ambao si wake. Kipimo kinafanyika chini ya mwembe: alale chali, akunje magoti, kocha aweke ngumi katikati ya magoti, naye aibane kwa nguvu. Akisikia maumivu ndani ya paja au kinenani, siku hiyo hachezi michezo midogo, na maumivu yakiendelea aende hospitali. Kwa timu nzima, mizunguko minne ya dakika tatu inatosha wiki ya tano, na wiki ya sita inakuwa miwili. Ukali unabaki vile vile, wingi ndio unapungua.

Na kuna tumbo. Mtu aliyekula chapati saa 1 asubuhi na kuendesha bodaboda hadi saa 10 jioni hana mafuta ya kukimbilia, hata programu ikiwa nzuri kiasi gani. Klabu isiyoweza kununua chakula cha jioni inaweza kununua ndizi na kupika uji wa kuwagawia wachezaji kabla ya kuvaa. Mzani wa bafuni mmoja nao unafaa: mchezaji wa kilo 70 akitoka na pungufu ya kilo 1.4, amepoteza asilimia 2 ya uzito wake kwa jasho, na kiwango hicho kinatosha kumpunguzia uwezo. Maji yake yaongezwe kipindi kinachofuata, na yanywewe wakati wa mazoezi, si baada tu.

Wiki ya mechi ya ligi ni fupi. Jumanne dakika 60, michezo midogo mizunguko miwili na kona. Alhamisi dakika 45, mbio tatu za mita 20, faulo, kikosi kinatangazwa. Wachezaji wapatao 18 wanajua kwamba watavaa jezi. Sita waliobaki nje wanahitaji ratiba yao siku hiyo hiyo ya Alhamisi: Jumapili asubuhi, dakika 60 za mchezo wa kweli dhidi ya timu ya mtaani, pamoja na wale waliokaa benchi Jumamosi bila kuingia, na msaidizi wa kocha akiwa na karatasi yake ya dakika na namba mkononi.